Pini ya 9 ya Arduino Uno imelegea: rezista ya ohmu 100 kwa LED ndiyo imeiua?

Kisima_Iringa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimetengeneza kifaa cha kuonyesha kiwango cha maji kwenye tenki letu la juu ya nyumba, maana huku kwetu maji ni ya mgao na mtu huchoka kupanda ngazi kuchungulia. Arduino Uno iko jikoni na inawasha LED nane zilizopangwa kwa mstari. Chini kabisa kuna nyekundu mbili (pini 9 na 8), katikati njano mbili (7 na 6), juu kijani nne (5, 4, 3 na 2). Kila LED ina rezista yake ya ohmu 100 kwenda GND.

Kifaa kimefanya kazi wiki tatu bila shida. Tangu Jumapili ile nyekundu ya pini 9 inawaka kwa mbali sana, gizani unaiona, mchana huioni. Nimebadilisha LED, bado. Nimebadilisha rezista, bado. Nikihamishia waya ule ule pini 10, inang'aa kama kawaida. Ajabu ni kwamba pini 9 nikiipima kwa mita bila kufungiwa kitu inasoma volti 5 kamili kama wenzake.

Nilisoma kwamba pini moja ya Uno inabeba miliampea 40. Hesabu yangu ilikuwa hii:

```
(5 - 2) / 100 = 0.03 A = 30 mA
```

Yaani nimebaki chini ya kikomo kwa miliampea 10 nzima. Sasa kosa liko wapi? Sitaki kununua bodi nyingine halafu niiue tena.

Volti_Tano

Mkuu, hesabu yako ni sawa. Kikomo ni 40, wewe uko 30. Mimi ningezilaumu hizo LED za pakiti. Kama unaona wasiwasi, usihangaike na rezista, punguza kwenye programu tu:

```
analogWrite(9, 60);
```

60 kwa 255 ni kama robo, kwa hiyo mkondo nao unashuka hadi robo. Nimefanya hivyo kwenye kazi zangu nyingi.

MamaSolda

Kisima, pole. Kabla ya kutafuta mchawi, nipatie vipimo. Hilo la volti 5 bila mzigo halituambii kitu, kwa sababu mita haivuti mkondo wowote wa maana. Hata pini iliyoumia vibaya inaweza kuionyesha mita volti 5. Lazima uipe kazi ndipo useme ni nzima au mbovu.

Tafuta rezista moja ya kati ya ohmu 300 na 500, yoyote uliyo nayo. Ifunge na LED nyekundu kwenye pini 8, iwashe, kisha pima mara mbili: volti kati ya miguu miwili ya rezista, na volti kati ya miguu miwili ya LED. Halafu hamishia rezista ile ile na LED ile ile pini 9, upime tena. Pima pia volti ya pini ya 5V kwenye bodi wakati LED inawaka. Usiipime ampea kwa kuiingiza mita katikati ya waya, maana mkono ukiteleza unaweza kuipiga pini shoti hadi GND. Volti ya rezista inatosha, ukiigawa kwa ohmu zake unapata mkondo.

Na nikuulize bila kukulaumu: kuna siku yoyote uliwahi kuwasha LED kwenye pini 9 bila rezista?

Ruvu_Digital

Tatizo hili nami nimelipata na nikalitatua. LED ilikuwa inawaka kwa mbali, nikaondoa rezista kabisa, ikaongeza mwanga kidogo. Kisima jaribu hivyo.

MamaSolda

Ruvu, kaka yangu, tuonyeshe programu yako kabla mwenzetu hajafuata. Una mstari wa `pinMode` ndani ya `setup()`?

Ruvu_Digital

Sina. Nina `digitalWrite(7, HIGH)` tu na LED inawaka.

MamaSolda

Basi lako ni jambo jingine kabisa. Pini ambayo haijaambiwa kuwa ya kutoa huanza ikiwa ya kupokea. Ukiiandikia HIGH ikiwa katika hali hiyo, chipu inaunganisha rezista yake ya ndani kwenda kwenye umeme, na hiyo ni ya kiloohmu 20 hadi 50. LED yako inapata kama sehemu moja ya kumi ya miliampea, ndiyo maana inawaka kwa mbali. Ulichofanya kuondoa rezista ya nje hakijakudhuru kwa sababu ile ya ndani bado inakulinda. Siku utakapoongeza huu mstari bila kurudisha rezista, pini itafunguka yote na LED haitakuwa na kizuizi:

```
pinMode(7, OUTPUT);
```

Rudisha rezista kwanza, ndipo urekebishe programu.

Ruvu_Digital

Nimerudisha. Asante, sikujua kabisa.

Kisima_Iringa

Nimepima. Nilipata rezista ya ohmu 330 kwenye bodi ya redio mbovu. Pini ya 5V inasoma 5.0.

Pini 8: rezista volti 2.88, LED volti 1.90.
Pini 9: rezista volti 0.50, LED volti 1.77.

Na jibu la swali lako, mama: ndiyo. Siku nilipoleta pakiti ya LED hamsini nilizijaribu moja moja kwenye pini 9 moja kwa moja, mguu mmoja kwenye pini, mwingine GND. Zilikuwa zinawaka vizuri sana, na moja niliiacha usiku kucha kwa bahati mbaya. Asubuhi ilikuwa bado inawaka, nikaona hakuna neno.

MamaSolda

Vipimo hivyo vinatosha kabisa, twende navyo.

Anza na pini 8. Volti 2.88 kwa ohmu 330 ni miliampea 8.7. Ukijumlisha 2.88 na 1.90 unapata 4.78, na hiyo ndiyo volti halisi iliyotoka kwenye pini. Bodi ina 5.0, kwa hiyo 0.22 imepotelea ndani ya pini yenyewe. Gawa 0.22 kwa miliampea 8.7, unapata ohmu kama 25. Hiyo ni pini nzima ya ATmega328P, chipu ya Uno yako: unapoifungua HIGH si waya mtupu, ni transista yenye ukinzani wake mdogo.

Sasa pini 9. Volti 0.50 kwa 330 ni miliampea 1.5 tu. Volti iliyotoka ni 2.27. Iliyopotelea ndani ni 2.73, na ukiigawa kwa 1.5 unapata ohmu kama 1,800. Transista ya ndani iliyokuwa na ohmu 25 sasa ina 1,800. Pini imeumia upande wa kutoa umeme, na haitapona.

Sasa kuhusu 40. Hiyo namba ipo kweli kwenye datashiti, lakini angalia iko kwenye jedwali gani. Iko kwenye jedwali la viwango vya mwisho kabisa, lile linalosema ukivuka hapa chipu inaweza kuharibika moja kwa moja. Jedwali hilo halikuahidi kwamba ukiwa 39 chipu itafanya kazi yake sawasawa miaka yote. Ukitaka kujua mtengenezaji anaahidi nini, nenda kwenye jedwali la volti za pini. Pale anasema kwa umeme wa volti 5, pini ikitoa miliampea 20, haitashuka chini ya volti 4.2. Ahadi yake inaishia 20. Mimi LED ya kuonyesha tu siipeleki hata huko, 5 hadi 10 inanitosha.

LED bila rezista ni habari nyingine. Nyekundu inashika volti 2 hivi, zile 3 zilizobaki zinakutana na ohmu 25 za pini na kidogo za LED yenyewe. Unavuka 40 kwa mbali sana. Kwamba iliwaka vizuri usiku kucha hakuonyeshi kuwa pini ilikuwa salama.

Bredibodi_Nairobi

Nimefuata uzi wote. Volti_Tano, ile ya `analogWrite` tafadhali iangalie upya. Pini 9 ya Uno inawasha na kuzima kama mara 490 kwa sekunde. Ukiandika 60, inakuwa imewaka robo ya muda, na katika hiyo robo pini iko HIGH kamili na mkondo ni ule ule kamili. Mita ya kawaida itakuonyesha wastani mdogo ufurahi, lakini transista ndani ya chipu inapigwa na kilele mara 490 kila sekunde. Rezista ndiyo inayoamua kilele.

Volti_Tano

Lakini joto linapungua, si kweli? LED yenyewe inaungua kwa joto.

Bredibodi_Nairobi

Joto la LED linapungua, hapo uko sahihi. Ila kikomo cha pini kinahesabiwa kwa mkondo unaopita wakati imefunguka, hakihesabiwi kwa wastani. Na kuna sekunde ambazo programu yako haina usemi: umekosea namba, programu imekwama na kuiacha pini HIGH. Rezista haikwami.

Volti_Tano

Sawa, la kilele nimelielewa. Bado nashikilia kwamba LED ya nje, kwenye jua, inataka miliampea 20. Kwa 8 hutaiona.

Kisima_Iringa

Yangu iko jikoni, ila dirisha linaelekea mashariki na asubuhi jua linaingia. Tutaona.

Mama, bado sijaelewa jambo moja. Kama kosa ni kule kujaribu bila rezista, basi ohmu 100 hazikuwa na kosa? Nikihesabu na hizo 25 za ndani napata 3 kwa 125, yaani 24. Ni juu ya 20 kidogo tu.

MamaSolda

Kwa pini moja ni kidogo tu. Wewe una pini nane, na tenki likijaa zinawaka zote kwa pamoja. Hapo swali si pini tena, ni chipu nzima.

Lakini kwanza sahihisha kitu. Umeweka volti 2 kwa LED zote. Hizo za kijani ni zenye kioo cheupe kisicho na rangi, au kioo chenyewe ni cha kijani cha maziwa?

Kisima_Iringa

Kioo cheupe kabisa, ukiwasha ndipo unaona kijani. Nimezipima sasa hivi kwa ohmu 330: LED inashika volti 3.0. Njano 2.0.

MamaSolda

Ndivyo nilivyodhani. Kijani cha aina hiyo ni ndugu wa bluu na nyeupe, kinashika kama volti 3. Kile cha zamani cha kioo cha maziwa ndicho kinachoshika 2 na kitu. Usiamini rangi, amini mita.

Kwa ohmu zako 100 na 25 za ndani: nyekundu ilikuwa inavuta kama 25, njano 24, kijani 16. Zidisha: nyekundu mbili 50, njano mbili 48, kijani nne 64. Jumla 162, na chipu yenyewe inataka chakula chake. Kikomo cha mwisho kabisa cha mguu wa umeme wa chipu ni 200. Ulikuwa unaishi karibu na ukuta kila tenki linapojaa, na kila pini peke yake ikionekana haina shida. Watu wengi huhesabu pini moja kisha wananakili rezista ile ile mara nane bila kujumlisha.

Sasa nipange upya. Nataka kama miliampea 8 kila moja. Nyekundu: volti 3.1 zilizobaki, gawa kwa 0.008, ni 387. Toa 25 za pini, 362. Madukani ya karibu ni 330 na 390. Chukua 330, utapata 8.7. Njano nayo 330, utapata 8.5 hivi. Kijani: zimebaki volti 2 tu, gawa kwa 0.008 ni 250, toa 25, ni 225. Chukua 220, utapata 8.2. Jumla ya zote nane ni kama 67. Kutoka 162 hadi 67, na jicho halitakuambia mwanga umepungua zaidi ya nusu.

Nyaya_Tatu

Kwa nini asiweke rezista moja tu kwenye waya wa GND unaounganisha zote? Anapunguza kazi ya solda, nane zinakuwa moja.

Bredibodi_Nairobi

Ikiwaka moja, inapata mkondo wote. Zikiwaka mbili zinagawana. Kwa kifaa chake, maji yakipanda taa zinafifia, kinyume na anachotaka. Na rangi zikichanganyika ni mbaya zaidi: nyekundu inashika volti chini ya 2, inaushusha mstari wote pale, kijani inayotaka 3 haiwaki kabisa. Kila LED na rezista yake.

Nyaya_Tatu

Basi angalau azigeuze: chanya ya LED kwenye 5V kupitia rezista, hasi kwenye pini, na awashe kwa LOW. Niliambiwa chipu hupokea vizuri kuliko kutoa.

MamaSolda

Kwa chipu nyingi za zamani ilikuwa kweli, na kwa hii unaweza kugeuza bila shida kwa mkondo mdogo. Lakini soma maelezo madogo chini ya jedwali. ATmega328P inazigawa pini katika makundi. Pini 5 hadi 13 za Uno ziko kundi moja. Zikiwa zinatoa, jumla ya kundi isizidi 150. Zikiwa zinapokea, isizidi 100. Kwa rezista za zamani za Kisima, pini 5 hadi 9 peke yake zilikuwa 16 na 48 na 50, yaani 114. Zikitoa ziko ndani ya kikomo, zikipokea zimevuka. Kwa rezista mpya kundi hilo lina kama 43, geuza unavyotaka.

Dogo_ESP

Naomba kujipenyeza. Mimi nina ESP32 na LED ya bluu. Pini inatoa volti 3.3, LED inashika 3.0. Nimehesabu (3.3 - 3.0) / 0.02 nikapata ohmu 15. Nilinunua LED tatu za pakiti moja. Moja inawaka sana, moja kiasi, moja hafifu. Rezista zote 15.

MamaSolda

Dogo, umefanya hesabu kwa usahihi, shida ni kwamba kilichobaki kwa rezista ni volti 0.3 tu. LED za pakiti moja zinaweza kupishana na hiyo 3.0 kwa 0.2, juu au chini. Ile inayoshika 2.8 inaiachia rezista 0.5, na 0.5 kwa 15 ni miliampea 33. Ile ya 3.2 inaiachia 0.1, hiyo ni chini ya 7. Rezista inadhibiti mkondo pale tu inapobeba sehemu kubwa ya volti. Ikibeba makombo, anayetawala ni LED, na LED haina msimamo, hata joto linaibadilisha.

Ukitaka mwanga mkali tumia transista, kama 2N2222. Pini iende kwenye besi kupitia kiloohmu 1, inavuta miliampea 2.6 tu. LED na rezista ya ohmu 180 zitoke kwenye 5V ya bodi hadi kolekta, emita kwenye GND. Utapata kama miliampea 10, na pini haioni mzigo wa LED.

Bredibodi_Nairobi

Kama ni ya kuonyesha tu kwamba kifaa kimewaka, mimi sihitaji transista. Weka 220 moja kwa moja. Kwa mkondo mdogo bluu inashuka hadi 2.7 na kitu, unapata miliampea 2 na ushee. Bluu za siku hizi kwa 2 zinaonekana chumba kizima.

MamaSolda

Kwa moja ya kuonyesha, sina ugomvi. Kwa tatu zinazotakiwa kufanana mwanga, bado nasema transista.

Dogo_ESP

Ninazo transista kwenye kopo. Nitajaribu njia zote mbili.

Kisima_Iringa

Nimerudi. Nimebadilisha zote jana usiku. Fundi wa redio wa karibu alikuwa na 330 na 220 za kutosha. Nyekundu ya chini nimeihamishia pini 10 na kubadilisha namba kwenye programu.

Tenki lilijaa saa 4 usiku. Nimepima volti za rezista moja moja: nyekundu 2.87 na 2.88, njano 2.79 na 2.80, kijani zote kati ya 1.78 na 1.83. Nikizigawa zinakuja vile vile ulivyosema, mama. Chipu nikiigusa haina joto, zamani ilikuwa na uvuguvugu.

Ila kijani zinaumiza macho usiku, nne kwa pamoja jikoni. Asubuhi jua likiingia, kijani naziona bila shida, nyekundu na njano lazima nikinge kwa mkono.

MamaSolda

Kijani za kioo cheupe zina mwanga mwingi kwa kila miliampea kuliko hizo nyekundu zako. Zipe kiloohmu 1, zitabaki na kama miliampea 2.

Volti_Tano

Na nyekundu na njano nilisema.

MamaSolda

Ulisema. Ziko nne tu, na pini inaruhusu. Kisima, nyekundu na njano zishushe hadi ohmu 220, utapata 12 hadi 13. Jumla mpya na kijani za kiloohmu 1 inakuwa chini ya 60. Lakini kabla ya hapo jaribu kuweka kikinga cha karatasi nyeusi juu ya mstari wa LED. Mara nyingi tatizo ni jua kupiga kwenye kioo chenyewe.

Kisima_Iringa

Nitaanza na karatasi. Swali la mwisho: pini 9 imekufa, hizo nyingine nizihesabu kuwa salama? Bodi yangu ni ile ambayo chipu inachomoka kwenye soketi.

Bredibodi_Nairobi

Kama inachomoka, nunua ATmega328P yenye butiluda tayari, ubadilishe. Sipendi chipu iliyokwisha kuumia sehemu moja kukaa kwenye kazi ya kudumu.

MamaSolda

Mimi ningeiacha. Pima kila pini kama ulivyopima pini 8, kwa rezista ya 330 na LED nyekundu ile ile. Ikiwa inayopotea ndani ni volti 0.2 na kidogo, pini hiyo bado ina ohmu zake 25. Andika namba kwenye karatasi na tarehe, ubandike ndani ya boksi. Rudia baada ya miezi miwili. Na pini 9 iandike `INPUT` kwenye programu, usiifungie kitu.

Bredibodi_Nairobi

Na kama mlango wa kusomea analogi nao uliguswa? Kipimo cha LED hakitakuonyesha hilo.

Kisima_Iringa

Vitambuzi vyangu viwili vinasoma kwa A0 na A1. Kesho nitapima betri moja kwa mita na kwa A0, nione kama namba zinakubaliana, nitaleta majibu hapa.